Makosa Yanayompita Msahihishaji

Kila anayesahihisha maandishi ya wageni wanaojifunza Kiswahili hufika mahali akaona kama insha zote zimeandikwa na mtu mmoja. Wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kiingereza, wawe wanasomea Zanzibar, Nairobi, London au chuo fulani cha Marekani, huandika "tatu vitabu", "miaka mbili" na "mimi ni na watoto wawili" kana kwamba walikubaliana. Makosa hayo hayatokei ovyo. Yana chanzo, na penye chanzo kimoja matokeo hufanana. Ndiyo maana msahihishaji aliyekwisha kupitia insha nyingi anaweza kujitengenezea orodha ya ukaguzi, yaani karatasi moja yenye mistari michache ya kumkumbusha mambo ya kutazama kabla hajamrudishia mwanafunzi kazi yake.

Mwaka 1967 mwanaisimu Mwingereza Pit Corder alichapisha makala iliyobadili namna walimu wa lugha walivyoyatazama makosa ya wanafunzi. Alitenganisha kuteleza, jambo linalompata hata mzawa wa lugha akiwa amechoka au ana haraka, na kosa linalorudi kwa sababu mwanafunzi ana kanuni yake kichwani ambayo bado haijalingana na kanuni ya lugha anayojifunza. Miaka mitano baadaye Mmarekani Larry Selinker alieleza kwamba kanuni hizo za mwanafunzi ni mfumo kamili, uliosimama katikati ya lugha yake ya kwanza na ile anayoitafuta. Orodha ya ukaguzi inahusu makosa ya aina hii ya pili. Aliyeandika "kitabo" mara moja na "kitabu" mara kumi ameteleza tu, na kuteleza kwake hakuna haja ya kuwekwa kwenye orodha.

Orodha nyingi huharibika mwanzoni kabisa, pale msahihishaji anapoandika makosa yanayotokea sana na kuishia hapo. Kosa linalotokea sana mara nyingi ndilo linaloonekana kirahisi. "Tatu vitabu" humkera mzawa wa Kiswahili papo hapo; hahitaji karatasi ya kumkumbusha. Anachohitaji kukumbushwa ni kosa linalorudi na wakati huohuo linalompita machoni. Mzawa akisoma husoma maana, na akili yake hunyoosha yaliyopinda bila kumwarifu. Sentensi ikieleweka, jicho limekwisha kusonga mbele.

Kazi huanza kwa kukusanya. Insha ishirini hadi thelathini za wanafunzi wa lugha moja ya kwanza na wa kiwango kinachokaribiana zinatosha kuonyesha yanayojirudia. Kabla ya kalamu nyekundu kugusa karatasi, kila insha itolewe nakala moja safi na kuwekwa kando. Kisha hufunguliwa daftari lenye safu nne: sentensi kama ilivyoandikwa, sentensi iliyosahihishwa, chanzo kinachodhaniwa, na namba ya insha. Sentensi iandikwe nzima, si neno lenye kosa peke yake, kwa kuwa kosa la Kiswahili mara nyingi hukaa katika uhusiano wa maneno mawili yaliyo mbali. Safu ya chanzo ni vizuri ijazwe kwa penseli, maana dhana ya kwanza kuhusu chanzo hubadilika kadiri mifano inavyoongezeka.

Kuhesabu kufanywe kwa insha, si kwa matukio. Mwanafunzi mmoja anayependa neno "katika" anaweza kuandika "katika nyumbani" mara nane kwenye ukurasa mmoja, na hesabu ya matukio ikaonyesha kwamba hilo ndilo tatizo la darasa zima. Kosa lililotokea mara moja moja katika insha kumi lina uzito kuliko lililotokea mara kumi katika insha moja.

Kinachofuata ndicho wengi wanachokiruka. Wiki moja baada ya kusahihisha, zile nakala safi hutolewa na kusahihishwa upya bila kutazama alama za mwanzo, halafu mbili hizo hulinganishwa. Mwenye mwenzake wa kazi anaweza kubadilishana naye nakala, na matokeo huwa mazuri zaidi, kwa kuwa macho ya watu wawili hayapitwi na mambo yaleyale. Kila kosa lililoonekana mara moja likakosekana mara nyingine hutiwa nyota kwenye daftari. Mwishoni daftari huwa na taarifa mbili, kosa limetokea katika insha ngapi na limempita msahihishaji mara ngapi. Orodha hutoka kwenye nyota.

Aya ifuatayo ni ya kutunga, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayezungumza Kiingereza:

"Jumamosi nilienda mjini na rafiki wangu. Tulisubiri kwa basi mpaka saa tisa. Tulifika sokoni kabla ya chakula cha mchana. Niliona mwalimu wangu na yeye aliuliza mimi kama nilikula. Nilisema sikukula. Alitaka mimi kwenda nyumbani yake. Nilinunua matunda kwa mama yake."

Msahihishaji wa kawaida, akiwa na rundo la insha mezani, atayakamata mambo manne bila shida. "Aliuliza mimi" atalifanya "aliniuliza". "Alitaka mimi kwenda" atalifanya "alitaka niende", kwa sababu Kiswahili hakiachi kitenzi katika umbo la ku- pale mtu mmoja anapotaka mwingine atende jambo. "Nyumbani yake" litakuwa "nyumbani kwake", kwani nomino ikishapata -ni ya mahali huiacha ngeli yake na kufuata upatanisho wa mahali. Na "kusubiri kwa basi" litapoteza "kwa", maana mtu husubiri basi, kama anavyotafuta kazi na kuomba maji, bila kiunganishi chochote katikati. Yote hayo yanatokea sana, na yote yanaonekana.

"Rafiki wangu" ni kisa kingine. Mwanafunzi amefundishwa kwamba viumbe hai hufuata upatanisho wa m-wa: mwalimu wangu, paka wangu, kipofu wetu. Ameishika kanuni na kuitumia kwa uaminifu, ila hajui kwamba majina ya undugu na urafiki yana desturi yake katika umilikishi: mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Kosa hili halikutoka kwenye Kiingereza. Limetoka kwenye Kiswahili chenyewe, kwa kuisukuma kanuni nzuri kupita mpaka wake. Tofauti hiyo ina faida ya moja kwa moja kwa anayetengeneza orodha, kwani makosa yanayotoka lugha ya kwanza huwapata zaidi wanaoanza, na haya ya kupitiliza kanuni hujitokeza mwanafunzi anapoanza kuwa hodari. Anayesahihisha madarasa mawili tofauti huenda akahitaji karatasi mbili.

"Niliona mwalimu wangu" humpita msahihishaji mara nyingi. Kinachotakiwa ni "nilimwona mwalimu wangu", kwa kuwa mtendwa ni mtu anayejulikana na kitenzi hudai kiambishi chake. Kwa kitu kisicho na uhai hali ni nyingine: "nilinunua kitabu" ni sahihi, na "nilikinunua kitabu" pia ni sahihi, ila la pili linazungumzia kitabu ambacho msomaji amekwisha kukijua. Jicho lililozoea kuona "niliona nyumba" na "niliona gari" hupita juu ya "niliona mwalimu" bila kusita.

Kisha "sikukula". Hapa pana makosa mawili katika neno moja, na la kwanza hulificha la pili. Kitenzi chenye silabi moja kama -la au -ja hubeba ku- katika baadhi ya nyakati, kama "nilikula" na "ninakula". Katika ukanushi wa wakati uliopita, ku ya ukanushi tayari ipo, na haiongezwi nyingine: "sikula", "sikuja". Msahihishaji huondoa ku moja, huridhika, na kuendelea na safari. Lakini mwalimu sokoni aliuliza kama mwanafunzi amekwisha kula, na jibu la Kiswahili ni "sijala". "Sikula" inasema kwamba muda wa kula ulipita na mtu hakula. Kiingereza cha kila siku kinaweza kuyasema yote mawili kwa wakati uleule uliopita, kwa hiyo mwanafunzi haoni kama kuna la kuchagua.

Yamebaki mawili, na hayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote kwa orodha. La kwanza ni "saa tisa". Sentensi haina kasoro ya sarufi. Ila waliosubiri basi mpaka saa tisa za mchana wasingeweza kufika sokoni kabla ya chakula cha mchana. Mwanafunzi alikuwa na namba tisa ya saa yake ya Kiingereza akaitafsiri ilivyo, wakati saa za Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, na kwa hesabu hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Tofauti ni saa sita wakati wote. Katika aya hii chakula cha mchana kimelifichua kosa. Katika insha nyingine hakuna ushahidi wowote, na msahihishaji asiyeuliza hataligundua daima. (Siku zenyewe zina mtego wa namna hiyo, ingawa si kwa kila msemaji: kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua linapozama, na "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaotangulia Ijumaa mchana.)

La pili ni "nilinunua matunda kwa mama yake". Hii nayo ni sentensi safi kabisa ya Kiswahili, na maana yake ni kwamba mama ndiye aliyeuza matunda. Mwanafunzi alikusudia kusema kwamba matunda yalikuwa zawadi ya mama: "nilimnunulia mama yake matunda". Kiswahili huweka habari ya anayetendewa ndani ya kitenzi, Kiingereza huiweka nje, na "kwa" ndilo neno ambalo mwanafunzi hulikimbilia kila anapotafuta kitu cha kuiweka nje. Sentensi ya namna hii haimkeri mzawa hata kidogo. Anaisoma, anaielewa, na anaielewa vibaya.

Makosa ya aina hii ya mwisho, yanayozaa sentensi sahihi yenye maana isiyokusudiwa, ndiyo yajaze nusu ya juu ya karatasi. Nusu ya chini ichukue yale yanayojificha nyuma ya mazoea, kama kiambishi cha mtendwa kinachokosekana au "sikula" iliyokaa mahali pa "sijala". "Tatu vitabu" na wenzake wanaweza kubaki daftarini kwa ajili ya kupangia masomo ya darasani. Hawana kazi kwenye karatasi ya ukaguzi.

Namna ya kuandika mistari ya orodha ina uzito wake. Mstari unaosema "angalia kauli ya kutendea" haumsaidii mtu saa mbili usiku akiwa na insha ya kumi na nane. Anahitaji kitu kinachoonekana kwenye ukurasa, kisha swali. Kwa hiyo mstari huanza na neno la kutafutwa: "Kila *kwa*: ni chombo, ni mahali pa mtu, ni namna, au ni tafsiri? Ikiwa ni tafsiri, je, kitenzi kilihitaji -ia au -ea, au hakihitaji kitu?" Mstari wa pili unaweza kuwa: "Kila *saa*: ya nani, na mambo mengine ya siku hiyo yanakubaliana nayo?" Wa tatu: "Kila *siku-* ya ukanushi: jambo limepita, au bado linangojewa?" Wa nne: "Kila mtu baada ya kitenzi: kiambishi chake kiko wapi?" Wa tano: "Kila neno lenye *-ni* ya mahali: linalofuata lina *kw-*, *p-* au *mw-*?" Mistari kumi au kumi na miwili inatosha. Ikizidi hapo, karatasi huanza kusomwa kwa mazoea, na mazoea ndiyo yaliyoleta tatizo.

Orodha iliyoandikwa hivyo ina faida nyingine kwa anayesahihisha kwenye kompyuta. Neno la kutafutwa linaweza kutafutwa kwa mashine: Ctrl+F, kisha "kwa" ikiwa na nafasi pande zote mbili, na kila tukio hujitokeza peke yake, limetengwa na maana ya aya iliyolizunguka. Kwa insha za karatasi, njia inayokaribia hiyo ni kusoma sentensi kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza. Mtiririko wa habari hukatika, na macho hulazimika kuitazama sentensi yenyewe. Njia hiyo lakini haikamati "saa tisa", ambayo hujulikana kwa kulinganisha sentensi na sentensi. Kwa hiyo mambo ya saa, tarehe na hesabu hukaguliwa kwanza, katika usomaji wa kawaida wa kwenda mbele, na mengine hufuata.

Upande wa nyuma wa karatasi hiyohiyo uandikwe yasiyo makosa. Msahihishaji mwenye bidii huanza kuona kosa kila mahali, na mwanafunzi hupotezwa na alama nyekundu isiyostahili kuliko na kosa lililoachwa. "Nilienda" na "nilikwenda" zote zinakubalika. "Ninapenda" na "napenda" vilevile, na "nilimuona" si dhambi kwa aliyezoea "nilimwona". Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, lakini wasemaji hawakuacha kusema kama walivyokuwa wakisema. Mwanafunzi aliyekaa miezi sita na familia ya Mombasa ataandika baadhi ya mambo kama wenyeji wake. Kila mara msahihishaji anapogundua, baada ya kufungua kamusi au kuuliza wenzake, kwamba alichokikata kilikuwa sahihi, huongeza mstari upande huo wa nyuma. Kwa wengi upande huu hujaa haraka kuliko ule wa mbele.

Mstari hauwekwi ukabaki milele. Kila baada ya insha ishirini hivi, jaribio la nakala safi hurudiwa kwa insha chache. Mstari ambao haujaokoa kosa lolote hufutwa, kwa maana jicho limekwisha kujifunza au wanafunzi wamekwisha kubadilika, na nafasi yake huchukuliwa na nyota mpya. Asiyefuta hubaki na karatasi inayoeleza udhaifu aliokuwa nao zamani.

Kuna jambo ambalo orodha ya makosa haiwezi kulionyesha hata ikitengenezwa kwa uangalifu wa namna gani. Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alichunguza maandishi ya Kiingereza ya wanafunzi wa lugha mbalimbali na kukuta kwamba Wachina na Wajapani walikuwa na makosa machache katika sentensi za urejeshi kuliko Waajemi na Waarabu. Ukihesabu makosa tu, utasema Wachina na Wajapani wameziweza. Alipohesabu sentensi zenyewe aliona kwamba walikuwa wakizikwepa, na wasiyemo katika jambo hawawezi kulikosea. Anayesahihisha Kiswahili hukutana na hali hiyohiyo: insha nzima haina "aliyekuja", haina "nilipofika", haina "ambacho". Kila sentensi ni fupi, zimeungwa kwa "na" na "halafu", na kalamu nyekundu haina kazi. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa karatasi uulize kisichokuwepo: je, katika ukurasa huu kuna urejeshi hata mmoja, kuna kauli ya kutendea hata moja, kuna -ka- ya masimulizi? Jibu likiwa hapana, mwanafunzi apewe sentensi mbili kati ya zake aziunganishe, ndipo ijulikane kama anaweza au anakwepa.

Na karatasi ni ya lugha ya kwanza ya wanafunzi waliotoa zile insha. Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili sanifu haandiki "tatu vitabu" wala "aliuliza mimi", kwa sababu Kinyarwanda kina ngeli, kina viambishi vya mtendwa, na kina kauli ya kutendea kama Kiswahili. Makosa yake yako kwingine, mara nyingi katika maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana, na katika ngeli zisizolingana baina ya lugha hizo mbili. Msahihishaji akimkagua kwa orodha ya Waingereza atakuwa anapekua vyumba vitupu. Anayepokea darasa la Wanyarwanda, Wajapani au Waitaliano kwa mara ya kwanza aiweke orodha ya zamani kando, atoe nakala safi za insha zao, na kufungua daftari jipya.